Ripoti ya mwanafunzi mmoja, masomo tisa: nichore mihimili, mstari au ule utando wa buibui?

#1 Chaki Nyeupe
Habari zenu wakuu. Ni mwalimu wa darasa, kidato cha tatu, huku Masasi. Wiki ijayo wazazi wanakuja kuchukua ripoti, na mkuu wangu wa taaluma anataka kila ripoti iwe na grafu ya alama za mtoto. Yeye amependa chati ya rada, ile inayofanana na utando wa buibui. Mimi nimezoea mihimili. Mwenzangu wa ofisini anasema mstari.

Nimechora zote tatu kwa mtoto mmoja. Alama zake ni hizi: Kiswahili 82, Historia 74, Uraia 71, Jiografia 68, Kiingereza 55, Baiolojia 48, Kemia 36, Fizikia 31, Hisabati 22.

Jana mzazi mmoja aliwahi kwa sababu anarudi shambani, nikampa ile ya rada. Aliishika kwa mikono miwili, akaizungusha kama usukani, kisha akaniuliza, "Mwalimu, juu ni wapi hapa?" Nilikosa jibu la haraka. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Mzazi akiangalia mara moja tu, ipi itamwambia ukweli kuhusu mwanawe?

#2 Mtoto wa Mikindani
Mstari, usisumbuke. Mstari unaonyesha kupanda na kushuka. Mzazi anaona mtoto ameanzia juu kwenye Kiswahili, akaporomoka hadi Hisabati. Imeisha hiyo.

#3 Korosho Ghafi
Kaporomoka kutoka wapi kwenda wapi, mkuu? Mtihani wa Kiswahili kafanya Jumatatu halafu akaanza kuugua?

#4 Fundi Takwimu
Korosho Ghafi kauliza kwa utani, lakini swali lenyewe ndilo hilo.

Chukua bei ya korosho mnadani. Mnada wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukiunganisha nukta zile kwa mstari una haki, kwa sababu kati ya mnada na mnada kuna siku zimepita, na ule mteremko una maana: bei inashuka kadiri msimu unavyosonga. Sasa kati ya Kiswahili na Historia kuna nini? Hakuna somo la katikati. Mstari unaopita pale unaelezea kitu kisichokuwepo.

Chaki Nyeupe, fanya jaribio dogo. Panga masomo kwa alfabeti: Baiolojia, Fizikia, Hisabati, Historia, Jiografia, Kemia, Kiingereza, Kiswahili, Uraia. Chora mstari uleule. Utapata mtoto anayeshuka, anaruka ghafla, anazama tena, kisha anapanda. Alama hazijabadilika hata moja, ila hadithi imekuwa nyingine kabisa. Ukiona kupanga upya kunabadilisha hadithi, ujue mchoro huo unasema jambo ambalo alama hazikusema.

#5 Nachingwea Kwetu
Nimeweka kambi hapa. Mihimili ndiyo ile tunayoita baa?

#6 Fundi Takwimu
Ndiyo hiyo.

#7 Kocha wa Mchangani
Mnaiacha rada mapema mno. Mimi nafundisha Michezo na Jiografia, na kwenye mpira rada inafanya kazi nzuri. Unaweka kasi, pasi, mashuti, ukabaji, unatazama umbo, unajua huyu ni namba sita au ni winga, bila kusoma namba hata moja.

Mtoto wa Chaki Nyeupe ni vilevile. Weka masomo ya sanaa upande mmoja na ya sayansi upande mwingine. Utaona puto limevimba upande wa sanaa na kunywea upande wa sayansi. Hiyo ni habari kubwa kwa mzazi anayemlazimisha mtoto achukue PCB. Tena eneo lililojaa linakupa wastani wake palepale.

#8 Fundi Takwimu
Kocha, la umbo nakubaliana nawe nusu. La eneo hapana, na hapo ndipo rada inapodanganya zaidi.

Jumla ya alama zake ni 487. Gawa kwa 9, wastani ni 54. Sasa angalia eneo. Kwenye rada, kila pembetatu inatokana na kuzidisha alama ya somo na alama ya jirani yake. Kwa hiyo eneo linakua kwa alama kuzidishwa, halikui kwa alama zenyewe. Mtoto mwenye 50 kila somo anajaza robo tu ya utando, wakati mzazi anategemea kuona nusu. Huyu wa wastani wa 54, kwa mpangilio aliouandika Chaki Nyeupe, anajaza asilimia 31. Jicho la mzazi litasema mtoto ni dhaifu kuliko alivyo.

Kubwa zaidi ni hili. Badilisha mpangilio wa masomo. Badala ya yenye alama za juu kukaa pamoja, yachanganye: Kiswahili, Hisabati, Historia, Fizikia, Uraia, Kemia, Jiografia, Baiolojia, Kiingereza. Eneo linashuka hadi asilimia 26 hivi. Mtoto yuleyule, karatasi zilezile za mtihani, kapungukiwa karibu moja ya sita ya "ukubwa" wake kwa sababu mwalimu kahamisha Hisabati.

Mwenye kompyuta ajaribu. Alama ziwe B2 hadi B10, na kwenye B11 rudia ile alama ya kwanza:

```
=SUMPRODUCT(B2:B10,B3:B11)/90000
```

#9 Chaki Nyeupe
Nimejaribu sasa hivi hapa ofisini. Ya kwanza imetoa 0.3096, ya pili 0.2594. Ya pili ikichorwa ni kama nyota yenye miiba, mtoto anaonekana hana mwelekeo wowote. Ile ya kwanza inapendeza kama yai. Kwa kweli nimeshtuka, maana nilikuwa nipange tu kwa mfuatano wa karatasi ya matokeo.

#10 Kocha wa Mchangani
Nakubali la eneo, nilikosea. Ila umbo bado linasimama. Ukipanga mara moja kwa shule nzima na usibadilishe, mwalimu akizoea atamtambua mtoto kwa umbo lake. Mzazi ndiye hajazoea, na hilo si kosa la chati.

#11 Mama wa Kilwa
Shikamooni walimu. Mimi ni mzazi, si mwalimu. Naomba kuuliza, huyo mtoto mwenye 31 ya Fizikia, akienda hivyo hadi kidato cha nne atafaulu? Maana wangu ana 33.

Halafu hiyo rada nimewahi kupewa. Mwaka jana mwanangu alilazwa na malaria siku ya mtihani wa Kemia. Ripoti ilipokuja, ule mchoro ulikuwa umeingia ndani upande mmoja hadi katikati kabisa, kama embe lililotobolewa na ndege. Nililia. Nikamwita mtoto, nikamwambia baba yake, tukamsema jioni nzima kuwa kapata sifuri. Mtoto anasema, "Mama, sikuufanya." Sikumwamini, kwa sababu karatasi ilikuwa imechora sifuri. Nilipofika shuleni nikaambiwa ni kompyuta.

#12 Korosho Ghafi
Pole sana mama. Hapo sina utani.

#13 Fundi Takwimu
Marahaba mama, na pole. Kwa mtihani wa kidato cha nne, D inaanzia 30 hadi 44, chini ya 30 ni F. Kwa hiyo 31 na 33 zote ni D, lakini zimesimama ukingoni, na mtihani mmoja mgumu unatosha kuzisukuma chini.

Hiyo ya Kemia najua ilikotokea. Mwalimu aliandika ABS kwenye kisanduku. Excel ikikuta maneno mahali pa namba, kwenye chati inayachora kama sifuri. Kwenye rada sifuri ni katikati kabisa, na inaburuta pande zote mbili za majirani, ndiyo maana lilionekana pengo kubwa hivyo. Kwenye kisanduku cha chati mwalimu angeweka hivi:

```
=NA()
```

Hapo nukta ile haichorwi kama sifuri.

#14 Karani wa Ruangwa
Nimsahihishe kidogo Fundi, au tuseme nimwongezee. Hiyo =NA() inasaidia kwenye mstari na rada. Kwenye mihimili haina msaada, kwa sababu mhimili wa sifuri na mhimili usiokuwepo vyote ni nafasi tupu. Mzazi ataona pengo, atawaza sifuri vilevile. Mimi nachapa ripoti za shule mbili, na dawa niliyoiona ni moja: andika neno HAKUFANYA palepale ambapo mhimili ungesimama. Usiandike pembeni wala chini. Wengi hawasomi maelezo ya chini.

#15 Fundi Takwimu
Sahihi kabisa, karani. Nilifikiria mistari tu.

#16 Mtoto wa Mikindani
Narudi kwenye mstari wangu, maana mmenizika nikiwa hai. Dada yangu ni muuguzi, kuna fomu za kupima watu tabia ambazo zinaunganisha vipimo tofauti kwa mstari, na wataalamu wanazisoma hivyohivyo. Kwa hiyo si dhambi. Halafu mkitaka kuwalinganisha mtoto na wastani wa darasa, mistari miwili inaonekana wazi kuliko mihimili 18 iliyobanana.

#17 Fundi Takwimu
Hapo una hoja. Fomu za namna hiyo zipo, na zinakubalika kwa sababu mpangilio wa vipimo haubadiliki na msomaji amefundishwa kutosoma mteremko. Mzazi wetu hajafundishwa. Wa Masasi anayezungusha karatasi kama usukani ataona mteremko kwanza.

#18 Mwl. Mstaafu Newala
Vijana, nimefundisha Hisabati miaka mingi, naona mnaruka jambo. Mnamchora mtoto peke yake. Huyu ana 36 ya Kemia na 71 ya Uraia. Mihimili itasema Uraia ndiyo nguvu yake. Je, darasa lilipata ngapi?

#19 Chaki Nyeupe
Shikamoo mwalimu. Nimefungua daftari la alama. Wastani wa darasa Kemia ni 29. Uraia ni 78.

#20 Mwl. Mstaafu Newala
Marahaba. Sasa umeona. Kemia anayoonekana ameanguka, amewapita wenzake kwa 7. Uraia anayoonekana shujaa, yuko nyuma yao kwa 7. Mtihani wa Uraia ulikuwa rahisi, au msahihishaji alikuwa mpole. Grafu isiyoonyesha darasa inamlaumu mtoto kwa ugumu wa mtihani.

Usichore mhimili wa pili. Weka alama moja ndogo, nukta au kistari, juu ya mhimili wa mtoto pale wastani wa darasa ulipo. Mzazi anaona: mhimili umepita nukta, au haujaifikia. Mambo mawili kwenye mchoro mmoja, na haubanani kama alivyohofia kijana wa Mikindani.

#21 Kocha wa Mchangani
Na kwenye rada unaweka umbo la darasa chini na la mtoto juu. Yakipishana unaona palepale.

#22 Karani wa Ruangwa
Unaona kwenye kioo cha kompyuta yenye rangi, Kocha. Mimi natoa fotokopi nyeusi na nyeupe. Maumbo mawili yaliyojazwa rangi yanatoka kama doa moja la wino. Mwezi uliopita nilirudishiwa ripoti 60 nzima. Kama ni lazima rada, acha mistari mitupu bila kujaza, mmoja uwe wa vidotidoti.

#23 Nachingwea Kwetu
Swali la mgeni. Kwa nini msiandike namba tu kwenye jedwali? Somo, alama, wastani wa darasa, nafasi. Baba yangu hajui grafu ila 22 na 82 anazijua, anapima ufuta kwa mizani kila mwaka.

#24 Mama wa Kilwa
Na mimi nimesema hivyohivyo kimoyomoyo. Namba haikuniliza. Picha ndiyo iliniliza.

#25 Mwl. Mstaafu Newala
Kwa masomo tisa ya mtoto mmoja, jedwali lililopangwa kutoka alama kubwa hadi ndogo linatosha kwa wengi. Grafu ianze pale jedwali linaposhindwa.

#26 Chaki Nyeupe
Nimeona linaposhindwa. Nilipochora mihimili nikaongeza mistari ya kulala kwenye 75, 65, 45 na 30, yaani mipaka ya A, B, C na D. Nilikuwa nimezikagua alama hizi mara kumi na sikuwa nimeona. Historia ana 74, mhimili umekaribia kugusa mstari wa A, umebakiza alama moja. Fizikia ana 31, umechungulia tu juu ya mstari wa 30. Hivyo viwili ndivyo nitakavyozungumza na mzazi: hapa kaza kidogo apate A, hapa shika asidondoke F. Kwenye rada mistari hiyo inakuwa duara juu ya duara na sikuona chochote.

Tatizo langu ni kwamba nilichora ile mistari kwa mkono, kwa Shapes. Nilipoikuza chati, mistari ikabaki ilipokuwa. Mstari wa A ukaenda kukaa kwenye 60 na kitu.

#27 Fundi Takwimu
Usichore kwa Shapes. Ongeza safu kwenye jedwali, moja yenye 75 kila somo, nyingine 65, kadhalika. Zikitokea kwenye chati kama mihimili, bofya kulia, chagua Change Series Chart Type, ziwe Line. Zitakaa mahali pake hata ukuze mara tatu. Na hapo mstari una haki yake, maana mpaka wa A ni uleule toka somo la kwanza hadi la tisa.

Ila mihimili iwe ya kusimama. Ukiilaza, Excel haikubali kuchanganya nayo mistari kwa urahisi, inakwenda upande mwingine.

#28 Karani wa Ruangwa
Na ukiisimamisha majina ya masomo yanalala mshazari, "Baiolojia" inakatwa. Mimi hulaza mihimili kwa sababu hiyo. Kila mmoja achague maumivu yake.

Angalia pia mwanzo wa kipimo, mwalimu. Mtoto mwenye alama zinazokaribiana, tuseme 70 hadi 80 zote, Excel yenyewe inaweza kuanzia 60 au zaidi badala ya sifuri. Hapo mwenye 70 anaonekana kama kapata nusu ya mwenye 80. Ingia Format Axis, weka Minimum 0 na Maximum 100 kwa watoto wote, la sivyo wazazi wawili wakiweka ripoti zao pamoja watalinganisha vitu visivyolingana.

#29 Korosho Ghafi
Kwa hiyo mstari wa ndugu yetu wa Mikindani umekufa rasmi? Tuandae khitma?

#30 Mwl. Mstaafu Newala
Haujakufa, umewekwa mahali pasipo pake. Chaki Nyeupe, una alama zake za Hisabati za mihula iliyopita?

#31 Chaki Nyeupe
Ninazo. Toka kidato cha pili: 41, 35, 28, 22.

#32 Mwl. Mstaafu Newala
Chora huo mstari. Somo moja, mihula minne. Anapoteza alama sita au saba kila muhula bila kupumzika. Mhimili wa 22 peke yake ungesema huyu hawezi Hisabati. Mstari unasema alikuwa anaiweza kiasi, na kuna kitu kilianza. Ukimwita, usimuulize kwa nini amefeli. Muulize kidato cha pili, baada ya ile 41, kulitokea nini. Kwangu mimi wengi waliteleza pale aljebra ilipoingia na wakaona aibu kuuliza.

#33 Fundi Takwimu
Kwa tahadhari moja mwalimu wangu. Mitihani minne imetungwa na watu tofauti. Kama darasa zima limeshuka toka 45 hadi 27, mtoto hajateleza peke yake. Mstari wa wastani wa darasa uwe kando yake.

#34 Chaki Nyeupe
Nimeangalia. Darasa ni 38, 37, 33, 34. Kwa hiyo mwanzoni alikuwa juu yao kwa 3, sasa yuko chini kwa 12.

#35 Mtoto wa Mikindani
Mstari oyee.

#36 Kocha wa Mchangani
Nimebaki peke yangu. Basi niulize hili: hiyo mihimili mnaipanga vipi? Kwa alama, kubwa hadi ndogo? Muhula ujao mpangilio utabadilika, mzazi hataweza kulinganisha karatasi mbili. Kwa mfuatano usiobadilika? Basi nguvu na udhaifu vitatawanyika. Rada mliikataa kwa ajili ya mpangilio, na mihimili nayo ina mpangilio.

#37 Fundi Takwimu
Mihimili ukiipanga upya urefu wake haubadiliki, rada umbo linabadilika. Hiyo ndiyo tofauti. Ila swali lako ni la haki. Mimi napanga kwa alama.

#38 Karani wa Ruangwa
Mimi sibadilishi mfuatano. Sanaa juu, sayansi chini, miaka yote.

#39 Mwl. Mstaafu Newala
Nami niko na karani. Mzazi anaweka ripoti za zamani kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Atazitoa.

#40 Chaki Nyeupe
Asanteni wote. Nimezungumza na mkuu wa taaluma, nikamwonyesha zile rada mbili za mtoto mmoja, yai na nyota. Alinyamaza, akaniuliza kama ni watoto wawili. Amekubali ripoti ziwe na mihimili yenye mistari ya madaraja na nukta ya wastani wa darasa, na kwa somo lililoshuka sana niongeze mstari wa mihula. Rada anaitaka bado kwa ubao wa ofisi ya walimu, mpangilio mmoja kwa wote, bila kujaza rangi. Kocha, umepata mtetezi.

Kuhusu mpangilio wa mihimili sijaamua. Kesho nitachapa namna zote mbili kwa yule mzazi wa kwanza, amesema atapita tena akitoka kupeleka mzigo ghalani.

#41 Mama wa Kilwa
Mwalimu, na wale ambao hawakufanya mtihani usisahau kuandika.

#42 Chaki Nyeupe
Nimeshaandika mama. Wako wawili. HAKUFANYA, kwa herufi kubwa.